Hati inataja 12, stoo ina diski 19: kusaka makosa ya ufutaji kabla mashine hazijatoka mlangoni

Mkaguzi alishika hati mkononi, akanyoosha kidole kwenye mstari wa nne. "Hapa mmeandika laptopu hii imefutwa. Sawa. Diski iliyokuwa ndani yake ni ipi?" Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu hati nzima ilikuwa na namba za laptopu tu, zile zilizobandikwa chini ya mashine. Namba ya diski haikuwemo hata moja.

Hiki ni chama cha akiba na mikopo hapa Tanga mjini. Walikuwa wamestaafisha laptopu 11 na seva moja. Fundi wa nje aliitwa, akakaa siku mbili, akaacha "hati ya uteketezaji" yenye mistari 12. Laptopu zilikuwa ziuzwe kwa wafanyakazi, seva iende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Bahati njema zilikuwa bado stoo, upande wa Raskazone, mkaguzi alipouliza. Ndipo nikaitwa na mimi.

Nitaeleza dalili nilizokutana nazo na chanzo cha kila moja, kwa mpangilio ule ule niliozifuata. Kazi kubwa niliifanya kwa flashi ya Linux, bisibisi, na daftari.

Dalili ya kwanza: idadi ya kwenye hati ni sawa na idadi ya mashine

Ukiona hati ina mistari 12 na mashine ni 12, usifurahi. Hiyo ndiyo dalili. Siri za wanachama zinakaa kwenye diski, na mashine moja inaweza kubeba diski mbili, sita au zaidi. Idadi zikilingana namna hiyo, mara nyingi aliyeandika hati alinakili daftari la mali badala ya kuhesabu kilichomo ndani.

Nilianza kwa kufungua kila laptopu na kuandika namba ya utambulisho ya kila diski kutoka kwenye lebo yake, ile inayofuata herufi S/N. Baadaye nikailinganisha na inayosomwa na mashine yenyewe:

```
lsblk -d -o NAME,MODEL,SERIAL,SIZE,ROTA
```

Safu ya ROTA ikiwa 1, hiyo ni diski ya kuzunguka; ikiwa 0, ni SSD. Tofauti hiyo inaamua njia ya kufuta, kwa hiyo iandikwe tangu mwanzo. Amri hii inakulinda pia usije ukafuta flashi uliyowashia mashine, maana majina kama sda na sdb huweza kubadilika kila unapowasha, ila namba ya utambulisho haibadiliki.

Laptopu tisa zilikuwa na diski moja moja. Mbili zilikuwa na mbili mbili: ya kuzunguka ya terabaiti moja, na kipande kidogo cha SSD ya aina ya NVMe kilicholala kwenye ubao mama kama kadi. Jumla 13. Seva ilikuwa na sita. Hizo ni 19, dhidi ya 12 za kwenye hati.

Dalili ya pili: diski unaiona kwa macho, lakini Linux haiioni

Kwenye zile laptopu mbili, `lsblk` ilileta diski ya kuzunguka peke yake. NVMe haikutokea kabisa, na bila shaka hata fundi aliyetangulia hakuiona, maana hakufungua mfuniko. Nilipoangalia ujumbe wa mfumo kwa `sudo dmesg | grep -i remapped` nikakuta maneno haya:

```
Found 1 remapped NVMe devices.
Switch your BIOS from RAID to AHCI mode to use them.
```

Chanzo ni mpangilio wa BIOS. Laptopu nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye hali ya RAID, ile ya kuunganisha diski, na katika hali hiyo NVMe hufichwa nyuma ya kidhibiti cha SATA. Windows inaiona kwa sababu ina kiendeshi chake, Linux ya flashi haina. Ukiingia BIOS ukabadilisha kuwa AHCI, NVMe inajitokeza. Windows iliyokuwa ndani inaweza kukataa kuwaka baada ya hapo, lakini tunaifuta, kwa hiyo haitusumbui. Kwenye laptopu zote mbili, Windows na barua za ofisi vilikuwa kwenye hiyo NVMe. Ile ya terabaiti moja, ambayo fundi aliifuta kwa uaminifu, ilikuwa ya picha za mikutano.

Kuna sababu nyingine ya diski kutoonekana ambayo sisi wa pwani tunaijua vizuri. Laptopu mbili za diski moja hazikuonyesha diski yoyote. Nilipochomoa ya kwanza nikakuta meno ya dhahabu ya kiunganishi yamefunikwa na ukungu wa kijani, chumvi ya bahari na unyevu vikifanya kazi yao. Niliisugua taratibu kwa brashi laini iliyolowa spiriti, nikaiacha ikauke, nikairudisha. Ikaonekana, na faili zote za mikopo ya mwaka mzima zilikuwa humo, hazijaguswa.

Ya pili haikupona. Ukiisikiliza unasikia tik, tik, tik, kisha kimya: kichwa cha kusomea kimekufa. Hii nitairudia mwishoni. Jambo la kushika hapa ni kwamba hati iliziorodhesha zote mbili kuwa "zimefutwa". Hakuna anayeweza kufuta diski isiyojibu. Ukikuta mstari wa namna hiyo, usiiamini mistari mingine pia mpaka uipime mwenyewe.

Dalili ya tatu: seva ina diski sita, skrini inaonyesha moja

Ukiwasha seva kwa flashi ukaona `sda` moja kubwa, ujue uko mbele ya kadi ya RAID. Kadi inaunganisha diski na kuuonyesha mfumo diski moja ya kufikirika. Ukifuta hiyo, umefuta eneo ambalo kadi imekubali kukuonyesha, basi. Na namba ya utambulisho unayoisoma ni ya hiyo diski ya kufikirika. Ukiiandika kwenye hati, umeandika namba ya kitu kisichoshikika.

Hesabu trei kwa macho kwanza. Kisha, kama kadi ni ya jamii ya MegaRAID, unaweza kuzisoma moja moja kupitia kadi:

```
sudo smartctl -i -d megaraid,0 /dev/sda
sudo smartctl -i -d megaraid,1 /dev/sda
```

Endelea na 2, 3 na kuendelea mpaka zitimie idadi ya trei. Namba hizi huweza kuruka, kwa hiyo ikigoma moja usikate tamaa, jaribu inayofuata.

Hapa tano zilikuwa kwenye RAID 5, na ya sita ilikuwa akiba: diski inayosubiri mwenzake afe ndipo iingie kazini. Akiba haimo ndani ya ile diski ya kufikirika, kwa hiyo ufutaji wa `sda` hauifikii hata kidogo. Watu huiacha wakidhani ni tupu. Nilimuuliza mtunza stoo, "Shikamoo mzee, hii diski ya mwisho mliinunua lini?" Akaitikia, akafikiri kidogo. "Hiyo hatukuinunua, mwanangu. Tuliitoa kwenye seva ya zamani, ile iliyokuwepo kabla ya hii."

Seva ya zamani ilikuwa na diski mbili zinazoakisiana, RAID 1, maana yake kila moja ilibeba nakala kamili ya kila kitu. Kadi inapoipokea diski kuwa akiba huandika alama zake chache tu, haifuti kilichokuwemo. Niliiweka kadi kwenye hali ya HBA kupitia menyu yake ya kuwashia, ili kila diski ionekane peke yake, kisha nikachungulia katikati ya ile ya sita:

```
sudo dd if=/dev/sdf bs=1M skip=100000 count=64 | strings -n 12 | less
```

Majina ya wanachama, namba za simu, kiasi cha mkopo, jina la mdhamini. Mstari baada ya mstari. Nilimwita meneja aje aone kwa macho yake, kisha nikafunga dirisha. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, taarifa zile ni dhamana ya chama hata kama seva imeshazimwa miaka. Na diski ile ilikuwa njiani kwenda kwenye mzani wa chuma chakavu.

Kama kadi yako haina hali ya HBA, chomoa diski uzifute kwenye mashine nyingine. Angalia tu kama ni SAS: kiunganishi chake hakiingii kwenye waya wa kawaida wa SATA, utahitaji kadi ya SAS. Zote sita niliziandika sifuri moja kwa moja, mara moja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa diski za kuzunguka za siku hizi mara moja inatosha; mwongozo wa NIST 800-88 wa taasisi ya viwango ya Marekani, ambao wakaguzi wengi hupimia, hautaki ile mizunguko saba au 35 inayotajwa vijiweni.

Dalili ya nne: SSD inakataa amri ya kufuta, inasema imegandishwa

Laptopu tano zilikuwa na SSD za SATA. SSD haifutwi kwa kuandika sifuri juu yake. Ina nafasi ya ziada ambayo mfumo hauioni, na yenyewe huhamisha data huku na huku ili seli zisichakae upande mmoja. Nakala za zamani hubaki kwenye vipande usivyoweza kuvifikia. Inatakiwa kuamriwa ijifute yenyewe. Fundi aliyetangulia alijaribu, akakwama, akaandika sifuri kwa `dd` akaondoka. Alikwama hapa:

```
$ sudo hdparm -I /dev/sda | grep frozen
		frozen
```

Ubaya hauko kwenye diski. BIOS, kila inapowaka, huifunga amri hiyo ili kirusi kisije kikaitumia. Dawa ni kuilaza laptopu usingizi kisha kuiamsha, kwa sababu nyingi zinapoamka hazirudii kufunga:

```
sudo rtcwake -m mem -s 15
```

Kioo kinazima, baada ya sekunde 15 kinarudi. Angalia tena, ukiona `not frozen`, endelea. Diski ikiwa kwenye kasha la USB amri hizi mara nyingi hazipiti, ichomeke moja kwa moja kwenye ubao.

```
sudo hdparm --user-master u --security-set-pass tanga /dev/sda
sudo hdparm --user-master u --security-erase tanga /dev/sda
```

Mstari wa kwanza unaweka nywila, wa pili unafuta na kuiondoa nywila hiyo. Na hapa ndipo umeme wa TANESCO unapoweza kukutesa. Ukikatika kati ya mstari wa kwanza na mwisho wa wa pili, diski inabaki na nywila. Ukiwasha tena inasema `locked`, haisomeki wala haiandikiki, na watu huitupa wakidhani imekufa. Haijafa, na pengine haijafutwa. Rudia mstari wa pili kwa nywila ile ile. Usiiingize nywila kwenye dirisha la BIOS linaloiuliza, maana BIOS za baadhi ya watengenezaji huibadilisha nywila kabla ya kuituma, na diski itaikataa. Ndiyo maana natumia neno moja kwa diski zote na nimeliandika kwenye jalada la daftari. Laptopu yenye betri nzima haina shida hii. Ila kati ya zile tano, tatu betri zilikuwa zimekufa, nikazichomeka kwenye UPS.

SSD inamaliza kwa dakika moja au mbili, wakati mwingine sekunde. Kasi hiyo si dalili ya kudanganywa. Haiandiki juu ya kila kitu, inamwaga chaji za seli zote kwa pamoja au inatupa ufunguo wa usimbaji. Lakini neno la diski peke yake lisikutosheleze. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walipima SSD kadhaa na wakakuta mojawapo inatangaza imefuta ilhali data yote iko pale pale. Kwa hiyo nilisoma kila moja baada ya kufuta:

```
sudo cmp /dev/sda /dev/zero
```

Diski ikiwa sifuri tupu, `cmp` inafika mwisho wake na kusema `EOF on /dev/sda after byte 500107862016`. Hiyo namba ndiyo ukubwa wa diski ya gigabaiti 500; inakili kwenye daftari. Ikisema `differ`, simama uchunguze.

Zile NVMe mbili zina amri zao:

```
sudo nvme sanitize /dev/nvme0 --sanact=2
sudo nvme sanitize-log /dev/nvme0
```

Wema wake ni kwamba umeme ukikatika, kazi inaendelea yenyewe ukirudi. Unarudia amri ya pili hadi SSTAT kwenye matokeo yake isomeke `0x101`: imekamilika, na hakuna kilichoandikwa baadaye. Kama diski haijui amri hiyo, `nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1` inachukua nafasi yake. Moja kati ya zile NVMe mbili ilinitisha kidogo: baada ya kufuta, `cmp` ilisema `differ`. Nilipochungulia kwa `hexdump` nikakuta FF mfululizo, hakuna neno wala faili. Baadhi ya diski hurudisha FF, na zilizotupa ufunguo hurudisha mchanganyiko usiosomeka, badala ya sifuri. Ndiyo maana kabla ya kufuta huwa nanakili sehemu kumi za diski, nikimaliza nasoma sehemu zile zile. Zikitofautiana na hazina maneno, nimeridhika, na naandika kwenye hati kwamba nilipima kwa sampuli.

Dalili ya tano: hati inasema "imeteketezwa", mali inauzwa

Hili mkaguzi aliliona kabla yangu. Kitu kilichoteketezwa hakiuziki. Hati iliita kila laptopu "imeteketezwa" huku orodha ya wanunuzi ikiwa tayari ukutani. Kwa hiyo tulizigawa: hati ya ufutaji kwa diski inayoendelea kuishi, hati ya uteketezaji kwa iliyovunjwa.

Kila hati ina mtengenezaji, modeli na namba ya utambulisho ya diski, aina yake, mashine ilimotoka na namba yake ya mali, njia iliyotumika, chombo na toleo lake, mfano `hdparm --version` inavyosema, namna ya uhakiki na matokeo, tarehe, mahali, jina, cheo na saini ya aliyefanya na ya aliyeshuhudia. Diski zikisafiri kwenda kuvunjiwa kwingine, karatasi ya makabidhiano iandikwe namba za diski zile zile, pamoja na namba ya lakiri ya mfuko. Idadi iliyotoka na idadi iliyopokelewa zisipolingana, hati itakayokuja usiipokee.

Diski moja tu ndiyo ilihitaji kuvunjwa, ile ya tik tik. Tuliipiga picha lebo kwanza, maana baada ya nyundo lebo haisomeki. Diski za laptopu mara nyingi sahani zake ni za kioo, kwa hiyo niliifunga ndani ya gunia, miwani usoni, na nikapiga mpaka niliposikia kioo kikisagika. Nikafungua tukaangalia: vipande vidogo, hakuna kilichozidi ukucha. Kutoboa tundu moja kwa dreli kungeacha sehemu kubwa ya sahani ikiwa nzima. Ingekuwa SSD, ningehakikisha kila chipu imevunjika, kwa kuwa tundu la katikati laweza kupita kwenye ubao bila kugusa chipu hata moja, na sumaku haiifanyi chochote.

Jalada la mkaguzi sasa lina hati 18 za ufutaji na moja ya uteketezaji, na ukurasa wa mbele unaounganisha kila namba ya mali na diski zake. Meneja alitaka kuchana ile hati ya zamani. Mkaguzi akamzuia: ikachorwa mstari mwekundu, ikaandikwa "imebatilishwa" na tarehe, ikarudishwa ndani ya jalada nyuma ya zile 19. Mtunza stoo alisaini wa mwisho, kwenye mstari wa diski ya sita ya seva, baada ya kuvaa miwani na kusoma namba ya lebo herufi kwa herufi.